Barua ya utambulisho inayosafiri ndani ya kivinjari

Jumatatu asubuhi mhasibu wa asasi moja anawasha kompyuta, anafungua programu ya mishahara iliyoko kwenye wingu, na kuandika anwani yake ya barua pepe ya kazini. Programu haimwulizi nywila. Ukurasa unaruka, anwani iliyo juu ya kivinjari inakuwa nyingine kabisa, na unatokea ukurasa wenye nembo ya ofisi yake. Hapo ndipo anapoandika nywila na kuthibitisha kwa simu. Ukurasa unaruka tena, na orodha ya mishahara inafunguka. Saa nne anapotaka kuombea likizo kwenye programu nyingine, haulizwi kitu. Saa sita anaingia kwenye mfumo wa manunuzi, vilevile haulizwi kitu.

Watu wa TEHAMA huuita utaratibu huu SSO, yaani kuingia mara moja tu kisha programu zote za kazi zikakupokea. Kwa mfanyakazi faida yake iko wazi: hana tena nywila kumi na mbili alizoziandika nyuma ya daftari. Kinachostahili kutazamwa ni zile sekunde mbili tatu ukurasa uliporuka. Programu ya mishahara ni mali ya kampuni nyingine, pengine na seva zake ziko bara jingine, na haijawahi kuiona nywila ya mhasibu huyu hata siku moja. Imemkubali kwa lipi?

Imemkubali kwa barua. Mtanzania aliyewahi kutumwa na benki akalete barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa ataelewa mara moja. Benki haikujui, ila inamjua mtendaji wa mtaa wako, au walau inaujua mhuri wake. Unaenda kwake, anahakikisha wewe ni mkazi wake, anaandika kwamba mleta barua hii ni fulani, anaielekeza kwa meneja wa benki, anaweka tarehe, saini na mhuri. Barua unaibeba mwenyewe. Mtendaji na meneja hawapigiani simu, na huenda hawajaonana maishani.

Ndivyo inavyokuwa ndani ya kivinjari. Ukurasa unaporuka mara ya kwanza, programu ya mishahara inamtuma mhasibu kwa mthibitishaji wa ofisi yake, ambao ni mfumo unaotunza akaunti za wafanyakazi. Ofisi nyingi hutumia Microsoft Entra ID, Google Workspace au Okta kwa kazi hiyo. Nyingine huendesha wenyewe mfumo wa bure kama Keycloak kwenye seva yao. Mthibitishaji akisharidhika na nywila na simu, anaandika barua ya kidijitali, anaisaini, anaikabidhi kwa kivinjari cha mhasibu, na kivinjari ndicho kinachoipeleka kwenye programu ya mishahara. Hapo ndipo ukurasa unaporuka mara ya pili. Baada ya hapo mthibitishaji anamkumbuka mhasibu kwa muda, ndiyo maana saa nne na saa sita anaandikiwa barua mpya bila kusumbuliwa.

Programu na mthibitishaji walijuana siku moja tu, siku watu wa TEHAMA walipoziunganisha. Siku hiyo kampuni ya mishahara ilipewa ufunguo wa wazi wa mthibitishaji. Funguo hizi huzaliwa pacha: wa siri hubaki kwa mthibitishaji na ndio unaosaini, wa wazi hugawiwa kwa yeyote anayehitaji kuihakiki saini. Ukibadilisha herufi moja tu ndani ya barua, saini haikubali tena. Kwa hiyo haidhuru kitu kwamba barua inapita mikononi mwa mhusika mwenyewe. Anaweza kuisoma, lakini hawezi kujiandika kuwa mkurugenzi.

Barua yenyewe, ikipunguzwa hadi pale penye maana, inafanana na hivi:

```xml
<saml:Issuer>https://ingia.ofisi.example</saml:Issuer>
<saml:NameID>a.juma@ofisi.example</saml:NameID>
<saml:Conditions NotBefore="2025-03-03T05:29:00Z"
                 NotOnOrAfter="2025-03-03T05:35:00Z">
  <saml:Audience>https://mishahara.example</saml:Audience>
</saml:Conditions>
```

Mstari wa kwanza unamtaja aliyeiandika. Wa pili unamtaja mleta barua. Yanayofuata ni muda wa kuanza kutumika na muda wa kuisha, na hapo chini ni jina la anayeandikiwa. Herufi Z mwishoni mwa saa inamaanisha saa za Greenwich. Ongeza saa tatu upate za Afrika Mashariki. Barua hii basi iliandikwa kwenye saa mbili na nusu asubuhi na inakufa saa mbili na dakika thelathini na tano. Uhai wake ni dakika chache kwa makusudi, ili anayeiokota baadaye isimfae kitu.

Lugha hii ya barua inaitwa SAML, na toleo lake la 2.0 lilipitishwa na shirika la viwango la OASIS mwaka 2005. Ipo nyingine changa zaidi, OpenID Connect, iliyozinduliwa mwaka 2014, ambayo programu za simu huipenda zaidi. Umbo la barua ni tofauti, na watu huiita tokeni, lakini maswali ambayo mpokeaji anapaswa kuyauliza ni yaleyale: nani kaandika, anamzungumzia nani, anamwandikia nani, imeisha muda au bado, na saini ni yake kweli?

Vyuo vikuu vimeupeleka utaratibu huu mbali zaidi ya ofisi moja. KENET nchini Kenya na RENU nchini Uganda zinaendesha mashirikisho ambamo taasisi nyingi zimekubaliana kuaminiana barua, kisha mashirikisho ya nchi mbalimbali yakaunganishwa kupitia eduGAIN. Mhadhiri anaweza kufungua jarida la mchapishaji wa Ulaya kwa akaunti ya chuo chake, na mchapishaji asijue nywila yake wala asimfungulie akaunti mpya. Neno shirikisho linatokana na hapo: kila taasisi inabaki na watu wake na kuwajibika kwao, na wengine wanapokea neno lake.

Turudi kwa mhasibu wetu, kwa sababu matatizo mengi ya SSO huanzia kwenye ule mstari wa pili, mstari wa jina.

Ofisi nyingi humtambulisha mtu kwa anwani ya barua pepe. Ni rahisi, kila mtu anayo, na mafundi wengi wanapounganisha programu huikubali tu kwa kuwa ndiyo iliyopendekezwa kwenye fomu. Sasa chukua ofisi ambayo Amina Juma, mwenye anwani a.juma, anaacha kazi mwezi wa tatu. Mwezi wa tano anaajiriwa Ally Juma. Anwani a.juma iko huru, anapewa. Siku ya kwanza anafungua programu ya kuhifadhi nyaraka, barua inaandikwa vizuri, saini ni halali, muda haujapita. Programu inasoma a.juma, inatafuta kwenye daftari lake, inamkuta, na kumfungulia Ally mafaili yote ya Amina: mikataba, maoni ya siri kuhusu wafanyakazi wenzake, pengine na hati za hospitali alizowahi kuambatisha kwenye maombi ya ruhusa. Hakuna aliyedukua kitu. Mfumo umefanya kama ulivyoagizwa.

Upande wa pili wa kosa hilohilo ni mfanyakazi aliyeolewa au aliyerekebisha jina kwenye vyeti, akabadilishiwa anwani. Kesho yake anaingia kwenye programu na kukuta iko tupu kama ya mtu mgeni. Programu haikumtambua, ikamfungulia akaunti mpya, na kazi yake ya miaka iko kwenye akaunti ya zamani isiyo na mtu wa kuifungua. Atalalamika kwamba mfumo umefuta data zake. Fundi anayejua kazi hatakimbilia nakala za akiba. Atafungua orodha ya watumiaji ndani ya programu na kutafuta jina la mtu huyo. Akiliona mara mbili, jibu analo.

Dawa ni kuweka kwenye mstari huo kitambulisho kisichobadilika na kisichogawiwa tena: namba inayotengenezwa na mthibitishaji mwenyewe wakati akaunti inaundwa, au namba ya mfanyakazi ikiwa ofisi haizirudii namba zake. OpenID Connect imeliweka jambo hili ndani ya kanuni. Kuna sehemu inayoitwa `sub`, na kanuni inataka thamani yake isipewe mtu mwingine kamwe na mthibitishaji huyo. Kanuni hiyohiyo inakataza kuitegemea barua pepe kumtofautisha mtu na mtu. Ila kanuni haimzuii fundi mwenye haraka. Kubadilisha kitambulisho wakati wafanyakazi ni ishirini ni kazi ya mchana mmoja. Ukisubiri wafike mia nane na programu thelathini, utaahirisha mpaka ustaafu.

Mistari ya muda nayo ina vituko vyake. Seva inayopokea barua huilinganisha na saa yake yenyewe. Kampuni kubwa za wingu hazikosei saa, lakini ofisi nyingi bado zina mfumo mmoja wa zamani kwenye seva iliyoko chumba cha nyuma, umeme unakatika na kurudi, betri ndogo ya ubao imeshakufa, na saa imebaki nyuma kwa dakika saba. Mfumo huo ukipokea barua iliyoandikwa saa mbili na nusu, wenyewe unaamini ni saa mbili na dakika ishirini na tatu. Barua inaonekana imeandikwa kesho, kama tunavyosema kwa utani. Inakataliwa. Programu nyingine zote zinafanya kazi, hiyo moja tu ndiyo inayogoma, na mtumiaji anabadilisha nywila mara tatu bila faida kwa sababu nywila haihusiki kabisa. Dalili ni hiyo: kuingia kwa mthibitishaji kunakubali, kukataliwa kunatokea ukurasa unaporudi. Kwenye seva ya Linux amri moja inatosha kutazama kama saa inalinganishwa na za mtandaoni:

```
timedatectl
```

Kubwa zaidi kuliko saa ni cheti. Ule ufunguo wa wazi ambao kampuni ya mishahara ilipewa huja ndani ya cheti chenye tarehe ya mwisho. Kwa programu za SAML zinazounganishwa na Entra ID, kwa kawaida ni miaka mitatu. Miaka mitatu ni muda mrefu wa kutosha fundi aliyeunganisha awe ameshahamia kazi nyingine, na barua pepe za onyo ziwe zinakwenda kwenye sanduku lake lisilosomwa na mtu. Siku cheti kinapobadilishwa upande mmoja bila mwingine kuambiwa, wafanyakazi wote hukataliwa kwa pamoja kwenye programu hiyo. Akikataliwa mmoja, mtazame mtu huyo. Wakikataliwa wote dakika ileile, tazama cheti kwanza.

Hapo ndipo ofisi hugundua kama iliacha mlango wa dharura. Baadhi ya programu, ukishawasha SSO, hufuta kabisa njia ya kuingia kwa nywila. Cheti kikiharibika, hata msimamizi hawezi kuingia ndani kukirekebisha, maana na yeye anahitaji barua. Busara ya kazi hii ni kubakiza akaunti moja ya msimamizi isiyopitia kwa mthibitishaji, yenye nywila ndefu iliyofungiwa kasikini, na kengele inayolia kila inapotumiwa. Nimewahi kusikia wakaguzi wakiipinga akaunti hiyo kwa kuwa inavunja utaratibu wa kuingia mara moja. Wangeuliza kwanza nani atafungua mfumo wa mishahara tarehe ishirini na tano.

Mpaka hapa tumeongelea barua halali zinazokataliwa. Lililo baya zaidi ni barua ya kughushi inayokubaliwa, na mfano wake mmoja mkubwa ulitokea kwa kampuni ambayo nusu ya ofisi zetu zinaitegemea kwa barua pepe.

Katikati ya Juni 2023, wataalamu wa usalama wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani waliona kitu kwenye kumbukumbu za mfumo wao wa barua pepe: masanduku ya maofisa yalikuwa yakisomwa kwa namna isiyo ya kawaida. Waliweza kuliona kwa sababu wizara ilikuwa inalipia daraja la juu la huduma lenye kumbukumbu za kina. Taasisi zilizokuwa kwenye daraja la kawaida hazikuwa na macho hayo. Wakaiarifu Microsoft. Uchunguzi ulionyesha kwamba kundi la wadukuzi lenye uhusiano na China, ambalo wakati huo Microsoft ililiita Storm-0558, lilikuwa ndani tangu Mei. Taasisi 22 ziliguswa na watu zaidi ya 500, akiwemo Waziri wa Biashara wa Marekani wa wakati huo, Gina Raimondo, na aliyekuwa balozi wa Marekani nchini China, Nicholas Burns. Kutoka wizara hiyo pekee zilichukuliwa barua pepe kama 60,000.

Hakuna nywila hata moja iliyobashiriwa. Wadukuzi walikuwa wamepata ufunguo wa siri wa kusainia, uliotengenezwa mwaka 2016, na kwa ufunguo huo walijiandikia tokeni wenyewe. Kwa lugha ya mfano wetu, walikuwa na mhuri. Mwenye mhuri hahitaji kukubembeleza nywila, wala uthibitisho wa simu haumzuii, kwa kuwa hayo yote hufanyika kabla barua haijaandikwa. Yeye anaanzia kwenye barua.

Lakini kuna kipengele cha pili ambacho kinanivutia zaidi ya wizi wenyewe. Ufunguo ule ulikuwa wa akaunti za watu binafsi, zile za Outlook.com za nyumbani. Haukupaswa kuwa na nguvu yoyote kwenye akaunti za taasisi. Ni sawa na mhuri wa mtaa mmoja kutumika kumtambulisha mkazi wa mtaa mwingine kabisa. Mfumo wa barua pepe ulipopokea tokeni uliuhakiki mhuri, ukaona ni wa kweli, ukaishia hapo. Haukuuliza kama mwenye mhuri huo ana mamlaka juu ya mtu anayetajwa. Microsoft ilieleza kwamba waandishi wa programu walidhani maktaba waliyoitumia inalifanya swali hilo yenyewe, nayo haikuwa inalifanya.

Bodi ya serikali ya Marekani iliyochunguza tukio hilo ilitoa ripoti Aprili 2024 na kusema kwamba uvamizi huo ulizuilika. Ilieleza pia kwamba ufunguo ule ulipaswa kuondolewa kazini mwaka 2021 na haukuondolewa, na kwamba hata Microsoft yenyewe haikuweza kuthibitisha uliibwaje. Kwa msomaji anayesimamia Keycloak kwenye seva ya ofisi, jambo la kubeba hapo ni dogo na la vitendo. Ufunguo wenu wa siri uko kwenye seva gani, nani ana ruhusa ya kuingia humo, na nakala ya akiba ya seva hiyo imehifadhiwa wapi? Wengi hulinda seva vizuri na kuacha nakala zake kwenye diski ya nje iliyo mezani.

Sasa nije kwenye jambo ambalo naona linauzwa kwa uongo kila siku. Wauzaji wa mifumo hii hupenda kusema: mfanyakazi akiondoka, funga akaunti moja tu, na milango yote inafungwa. Si kweli hivyo.

Fuatilia saa. Mhasibu anasimamishwa kazi saa nne asubuhi, na saa nne na dakika tano fundi anafunga akaunti yake kwa mthibitishaji. Kuanzia hapo hataandikiwa barua mpya. Lakini programu ya mishahara ilishaipokea barua ya saa mbili na nusu, ikaridhika, ikaichana, na kumpa pasi yake yenyewe: kidakuzi kinachokaa kwenye kivinjari. Kuanzia hapo programu huangalia pasi hiyo tu, wala hairudi kumwuliza mthibitishaji kama mtu huyu bado yuko kazini. Pasi hiyo inadumu muda gani? Inategemea programu. Nyingine ni saa moja, nyingine ni siku nzima, na programu za simu mara nyingi hukaa wiki kadhaa bila kumwuliza mtu kitu. Hata ndani ya nyumba ya Microsoft yenyewe, tokeni ya kawaida ya kuingilia huishi kati ya dakika 60 na 90 isipokuwa kama pande zote mbili zinatumia utaratibu maalumu wa kuikatiza mapema. Dakika tisini zinatosha kupakua orodha yote ya mishahara.

Kisha kuna milango ambayo haikuwahi kupitia kwa mthibitishaji. Programu iliyokuwa ikitumika kabla ya SSO inaweza kuwa bado inamkumbuka mhasibu kwa nywila yake ya zamani. Inaweza kuwa na ufunguo wa API alioutengeneza mwenyewe ili jedwali lake la Excel livute takwimu. Hivyo havijui kama akaunti imefungwa.

Kwa hiyo kinahitajika kitu cha pili, nacho kina jina lake: SCIM, kanuni ambayo toleo lake la 2.0 lilitolewa mwaka 2015. Barua ya utambulisho huandikwa pale mtu anapokuja mlangoni. SCIM ni taarifa inayotumwa moja kwa moja kutoka kwa mthibitishaji kwenda kwa programu bila kumsubiri mtu. Mfanyakazi akifungwa upande mmoja, ujumbe unakwenda upande wa pili ukiwa na neno hili:

```json
{ "op": "replace", "path": "active", "value": false }
```

Programu iliyotengenezwa vizuri ikipokea hilo hufunga akaunti, hukata pasi zote na kuzima funguo za API. Iliyotengenezwa ovyo hufunga akaunti na kuacha pasi zikiishi. Tofauti hiyo haiandikwi kwenye kipeperushi cha mauzo.

Kinachoumiza ofisi ndogo ni bei. Kampuni nyingi za programu za wingu huweka SSO na SCIM kwenye daraja la bei ghali pekee, pamoja na vitu ambavyo asasi ya watu ishirini haivihitaji. Watu wa fani wameibandika jina, kodi ya SSO, na kuna hata tovuti inayoziorodhesha kampuni hizo na nyongeza wanayotoza. Kwa maoni yangu ni utaratibu mbaya. Ni kumwambia mteja kwamba mlango anauziwa, komeo atanunua akitajirika. Asiyeweza kulipa afanye kwa mkono: awe na orodha ya programu zote zenye akaunti za wafanyakazi, na siku mtu anapoondoka apite moja baada ya nyingine.

Neno moja kuhusu kompyuta inayotumiwa na wengi, ya mapokezi au ya maabara ya chuo. Ukibonyeza kutoka ndani ya programu ya mishahara, umetoka kwenye programu hiyo tu. Mthibitishaji bado anakukumbuka. Anayekaa kwenye kiti baada yako akifungua tena programu, ukurasa utaruka mara mbili na kumwingiza kwa jina lako, bila nywila. Kwenye kompyuta ya aina hiyo toka kwa mthibitishaji mwenyewe, au tumia dirisha la faragha la kivinjari na ulifunge ukimaliza.

Ofisi yako ikiwa na SSO, waombe watu wa TEHAMA wafanye jaribio moja wiki hii. Watengeneze akaunti ya mfanyakazi wa bandia, waingie nayo kwenye programu tatu mnazozitegemea zaidi, kwenye kompyuta na kwenye simu. Kisha waifunge kwa mthibitishaji, waache madirisha wazi, na kila baada ya dakika kumi wajaribu kufungua faili jipya. Waandike saa ambayo kila programu iligoma. Ile itakayokuwa bado inafungua faili kesho yake asubuhi ndiyo ya kuanza nayo.